Kabla hujatuma hela ya mbolea, omba kipande kimoja kisiwekwe kitu

Kila mwaka ikifika mwezi wa kumi, simu za nyumbani zinabadilika sauti. Mvua inakaribia, duka la pembejeo limeshafungua, na sisi tulioko huku tunaulizwa swali lile lile: mbolea mwaka huu mnatuma ya ekari ngapi? Tunatuma. Mwezi wa saba tunapokea picha ya magunia yamepangwa ukutani, tunafurahi, na mwezi wa kumi tunatuma tena. Sisi ndugu watatu, wawili tuko Muscat kwenye kazi za ndani na mmoja yuko Doha kwenye ujenzi, tumefanya hivyo kwa miaka minne bila kujiuliza ile mbolea yenyewe imeleta gunia ngapi.

Maoni yetu ni haya, na tunajua wengine humu hawatayapenda. Anayetuma hela ya mbolea bila kuwa na kipande cha shamba kisichowekwa mbolea kabisa hajui kama hela yake inazaa au inaliwa na udongo. Anajua mavuno tu. Mavuno na faida ya mbolea ni vitu viwili tofauti, na sisi kuvichanganya kumetugharimu.

Shamba letu liko Mbozi, mkoa wa Songwe. Ni vipande viwili, kila kimoja ekari moja. Kimoja kiko bondeni karibu na nyumba, kingine kiko mteremkoni juu ya barabara. Tunalima mahindi ya mbegu chotara, mvua moja kwa mwaka, tunapanda kuanzia mwisho wa mwezi wa kumi na moja na kuvuna mwezi wa sita hadi wa saba. Kwa kila ekari tulikuwa tunatuma hela ya mfuko mmoja wa DAP wa kupandia na mfuko mmoja wa urea wa kukuzia, kilo 50 kila mfuko, pamoja na usafiri na vibarua. Ukijumlisha yote na makato ya kutuma, ni shilingi 180,000 kwa ekari, 360,000 kwa vipande vyote viwili. Kwa kiwango cha wakati ule ilikuwa kama riali 54.

Tulivuna kama gunia 21. Kwa bei ya mwezi wa saba, 55,000 kwa gunia la kilo 100, hiyo ni zaidi ya milioni moja na laki moja. Ukiweka 360,000 upande mmoja na milioni moja na laki moja upande wa pili, nani ataacha kutuma? Hesabu hiyo ndiyo tuliyokuwa tunaambiana kwenye simu, na ndiyo wengi wetu humu tunayoambiana.

Kosa lake ni hili. Shamba lisilowekwa mbolea halitoi sifuri. Udongo una chakula chake, mbegu ni ile ile, palizi ni ile ile, mvua imenyesha kote. Kuna gunia ambazo zingepatikana hata kama tusingetuma riali moja. Hizo gunia si za mbolea. Za mbolea ni zile zilizozidi hapo, na kuzijua hizo huwezi kwa kukisia wala kwa kukumbuka mwaka juzi, kwa sababu mwaka juzi mvua ilikuwa nyingine. Unazijua kwa kulinganisha mahindi yaliyokua msimu mmoja, shamba moja, ubavu kwa ubavu.

Msimu wa 2023/24 tukampigia kaka yetu mkubwa ambaye ndiye anayelima. Tukamsalimu, tukamweleza tunachotaka. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Sasa nyie mnataka niache mahindi yafe njaa ili mpige picha?" Tukamwambia, kaka, hatusemi uache ekari. Tunaomba miraba michache tu ya mita kumi kwa kumi. Mraba mmoja ukikosa mbolea, hata ukipoteza nusu ya mavuno yake, hiyo ni kilo kumi na nane hivi, debe moja. Debe moja ndiyo ada ya kujua kama tunapoteza laki.

Hapa tuseme kidogo kuhusu huo mraba, maana ndio uliturahisishia kila kitu. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047. Mraba wa mita kumi kwa kumi ni mita za mraba 100. Kwa hiyo ekari ina miraba kama 40. Ukipima kilo za mahindi makavu kwenye mraba mmoja ukazidisha mara 40, umepata kilo za ekari nzima. Huhitaji kujua shamba lenu ni ekari kamili au ni ile ekari ya kupima kwa hatua ambayo kila mtu ana hatua zake. Unahitaji kamba ya mita kumi na vigingi vinne.

Mbolea nayo inagawanyika hivyo hivyo. Mfuko wa kilo 50 ukigawanya kwa 40 ni kilo moja na robo kwa mraba. Kaka anapanda mbegu mbili kila shimo, mstari hadi mstari sentimita 75, shimo hadi shimo sentimita 60, ambayo inatoa mashimo kama 220 kwa mraba mmoja. Kilo moja na robo ikigawiwa mashimo 220 ni karibu gramu 6 kwa shimo, yaani kifuniko kimoja cha soda. Kwa hiyo kaka hakulazimika kununua mizani ya kupimia mbolea. Kifuniko cha soda, DAP chini, udongo kidogo juu yake ili isigusane na mbegu, halafu mbegu. Wiki tano baadaye urea, kifuniko kimoja, pembeni mwa shina kwenye udongo wenye unyevu, na kufukia. Kufukia kuna sababu yake: urea ikiachwa juu ya ardhi, sehemu ya naitrojeni inageuka hewa na kupotea. Inayopotea hivyo imelipiwa sawa na iliyobaki.

Bondeni tuliomba jozi nne, na mteremkoni jozi tatu. Jozi ni mraba wenye mbolea na mraba usio na mbolea, vinakaa jirani, mbegu ya mfuko mmoja, vimepandwa siku moja, vimepaliliwa siku moja. Tuliomba jozi ziwe sehemu tofauti za shamba kwa sababu shamba halilingani; kuna pale ng'ombe walipokuwa wanalala zamani, kuna pale maji yanapotuama. Ukiweka mraba mmoja wa mbolea kwenye boma la zamani na ule mwingine kwenye changarawe, unapima boma, hupimi mbolea. Na mraba usio na mbolea usikae chini ya ule wenye mbolea kwenye mteremko. Mvua ikipiga, chakula kinashuka na maji, na mahindi ya chini yanakula bure. Waweke kando kwa kando, na mistari miwili ya kuachia katikati ambayo haihesabiwi.

Jozi moja ya bondeni iliharibika, na ilivyoharibika tunaisimulia kila tukikutana. Mwezi wa pili kaka alitutumia picha. Miraba isiyo na mbolea ilikuwa imekuwa rangi ya limao, majani ya chini yanaanza kukauka kutoka ncha kuelekea katikati, alama ya njaa ya naitrojeni. Sawa, ndivyo tulivyotegemea. Wiki tatu baadaye picha zikaja tena, na mraba mmoja kati ya ile ya njano umekuwa kijani kibichi kama wenzake wenye mbolea. Tukampigia. Kaka anaapa hajagusa. Mwisho mama akachukua simu akasema, "Jamani, nilikuwa napita pale kila siku kwenda kisimani, yale mahindi yananiangalia. Nikayarushia kidogo tu." Tulicheka mpaka tajiri wa mmoja wetu akauliza kuna nini. Jozi hiyo tukaifuta kwenye hesabu. Lakini kama kusingekuwa na picha, ule mraba ungehesabiwa kama haukuwekwa kitu, na tungedhani udongo wetu una nguvu kuliko ulivyo. Kwa hiyo omba picha mara tatu: wiki mbili baada ya kukuzia, wakati wa mbelewele, na siku ya kuvuna. Usiombe kwa sababu humwamini ndugu yako. Omba kwa sababu huruma nayo inaharibu vipimo.

Siku ya kuvuna, kila mraba ulivunwa peke yake, ukawekwa kwenye mfuko wake wenye alama, ukakaushwa pamoja na mingine, ukapukuchuliwa na kupimwa siku moja. Mahindi mabichi yaliyochomwa na watoto mwezi wa tatu tuliwaomba wayachukue nje ya miraba. Walijitahidi.

Kuhusu ukavu: mahindi yenye maji yanaonekana mengi kwenye mizani. Kaka alitumia njia ya chumvi. Unachukua chupa kavu ya kioo, unatia punje kiasi cha robo ya chupa na vijiko vichache vya chumvi iliyokaushwa vizuri, unatikisa dakika chache, unaacha zitulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi bado yana maji, rudisha juani. Ikibaki inateleza, pima. Na pima kwa mizani ya kilo, usipime kwa gunia. Sote tunajua lumbesa ilivyo. Gunia lililoshonewa kofia juu linaweza kubeba debe nzima ya ziada, na ukilinganisha gunia la lumbesa na gunia la kawaida umelinganisha hewa.

Matokeo ya bondeni, jozi tatu zilizobaki. Miraba isiyo na mbolea ilitoa kilo 15, 17 na 19. Yenye mbolea ilitoa 33, 34 na 38. Wastani ni kilo 17 dhidi ya kilo 35. Zidisha mara 40: bila mbolea kilo 680 kwa ekari, yenye mbolea kilo 1,400. Kwa gunia ni 6.8 dhidi ya 14. Mbolea imeongeza gunia 7.2.

Angalia pia jinsi jozi zinavyokubaliana. Mraba wa chini kabisa wenye mbolea, kilo 33, uko mbali na mraba wa juu kabisa usio na mbolea, kilo 19. Hapo unaweza kuamini kwamba ni mbolea iliyofanya kazi. Kama namba zingekuwa zimepishana, mmoja wenye mbolea 20 na mwingine usio na mbolea 24, tusingethubutu kusema lolote kwa msimu mmoja.

Sasa hela. Gunia la mwezi wa saba lilikuwa 55,000, lakini gunia lililozidi lina gharama zake pia: kuvuna, kupukuchua, kununua mfuko, kulibeba. Kwetu ilikuwa 6,000 kwa gunia. Linabaki 49,000. Gunia 7.2 mara 49,000 ni 352,800. Tulitumia 180,000. Kila shilingi moja ya mbolea imerudi na wenzake, karibu shilingi mbili, kamili ni 1.96.

Wataalamu wa kilimo wamezoea kutumia mbili kama mpaka: mbolea irudishe angalau mara mbili ya gharama yake ndipo mkulima mdogo aione inafaa. Mtu wa mjini atasema hata moja na nusu ni faida ya asilimia 50, mnataka nini zaidi? Lakini fikiria hiyo hela inakaa wapi. Inatoka mkononi mwako mwezi wa kumi, inarudi mwezi wa saba au wa nane. Katikati kuna mvua inayoweza kukatika wakati wa mbelewele, kuna viwavijeshi, kuna bei inayoweza kushuka. Mwaka mmoja mbaya kati ya mitatu unakula faida ya miaka miwili kama faida hiyo ni nyembamba. Mbili ina nafasi ya kubeba mwaka mbaya. Bondeni, kwetu, tuko kwenye mpaka huo huo, na tukiweza kuhifadhi mpaka mwezi wa kwanza tunauvuka vizuri. Mwaka ule gunia lilifika 80,000. Ukitoa zile 6,000 na nyingine 4,000 za mifuko ya kuhifadhia na upungufu, linabaki 70,000, na gunia 7.2 zinakuwa 504,000. Ni mara 2.8. Mbolea ile ile, ekari ile ile, tofauti ni kwamba hatukuuza siku ambayo kila mtu kijijini anauza.

Kama nyumbani mahindi hayauzwi, yanaliwa, hesabu haibadiliki sana. Yapige bei ambayo mngenunulia mwezi wa kwanza yakiwa yameisha ndani.

Tufike mteremkoni, ambako ndiko tulikoumia. Jozi tatu, wastani bila mbolea kilo 11, wenye mbolea kilo 17. Kwa ekari ni kilo 440 dhidi ya 680. Mtu akisimama barabarani anaona tofauti kwa macho: mahindi yenye mbolea ni marefu zaidi, mavuno yamepanda kwa zaidi ya nusu. Kaka mwenyewe alisema, "Mmeona? Mbolea inafanya kazi." Inafanya, ndiyo. Lakini gunia zilizoongezeka ni 2.4 tu. Mara 49,000 ni 117,600. Gharama ilikuwa 180,000. Tumepoteza 62,400 kwenye ekari moja. Hata tungehifadhi tukauza kwa 80,000, zingerudi 168,000, bado hazijafika gharama.

Na kwa ile hesabu yetu ya zamani ya simu, ekari hii ilikuwa na faida. Gunia 6.8 mara 55,000 ni 374,000, toa 180,000, unabaki na 194,000 za kufurahia. Kumbe gunia 4.4 kati ya hizo zilikuwa zinakuja zenyewe. Kwa miaka minne tulikuwa tunaipongeza ekari ambayo kila mwaka ilikuwa inatula. Ukiweka vipande vyote viwili pamoja, tulituma 360,000 na mbolea ikarudisha 470,400, faida 110,400. Kama tungetuma nusu tu, ya bondeni peke yake, faida ingekuwa 172,800. Tungetuma hela kidogo na kubaki na hela nyingi.

Hiki ndicho kinachotufanya tuandike. Swali la nyumbani huwa ni ekari ngapi, na sisi hujibu kwa kuangalia mshahara umebaki kiasi gani. Tungekuwa tunauliza ekari ipi.

Kwa nini mteremkoni mbolea haikujibu? Mwanzoni tulidhani ni mfuko feki, lakini ilikuwa mifuko ile ile iliyofanya kazi bondeni. Hiyo ni faida nyingine ya kulinganisha vipande viwili msimu mmoja: duka linatoka kwenye lawama. Tukaangalia picha tena. Mahindi machanga ya mteremkoni, hata yale yenye DAP, yalikuwa na rangi ya zambarau kwenye kingo za majani, alama ambayo mara nyingi inaonyesha mmea haupati fosforasi. Ajabu, kwa sababu DAP ni fosforasi kwa wingi. Kaka akachukua udongo, sehemu kumi na tano za shamba, kina cha jembe, akauchanganya kwenye ndoo safi, akatoa kama kilo moja na kuupeleka kupimwa. Kipimo cha uchachu, pH, kilikuwa 4.7. Mahindi yanapenda kuanzia 5.5 kwenda juu. Udongo ukiwa mchachu kiasi hicho, aluminiamu iliyomo inayeyuka na kudumaza mizizi, na udongo wenyewe unaikamata fosforasi na kuifunga, mmea unabaki unaona chakula nyuma ya kioo. Halafu mbaya zaidi, urea na DAP zenyewe zinaongeza uchachu mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo kila tulipotuma hela ya kusaidia ule mteremko, tulikuwa tunausogeza mbali kidogo na kupona.

Ardhi kama hiyo inataka chokaa ya kilimo na samadi kabla ya kudai DAP. Chokaa inachanganywa na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, na haimalizi kazi msimu mmoja. Samadi inarudisha uhai wa udongo na kuufanya ushike maji na chakula. Hatutaki kumwambia mtu wa Kakamega au wa Ngara kwamba shamba lake lina ugonjwa wa shamba letu. Lake linaweza kuwa na kiduha, au limechoka tu kwa miaka ishirini ya mahindi juu ya mahindi. Miraba inakuambia kwamba mbolea haijibu; haikuambii kwa nini. Cha pili kinatafutwa kwa udongo kupimwa na afisa ugani anayelifahamu eneo.

Msimu uliofuata kaka akawa yeye ndiye anayetutumia namba bila kuombwa. Alikuja na wazo la kuongeza mfuko wa pili wa urea bondeni, kwa hoja nzuri tu: kama mfuko mmoja wa kukuzia umetupa yote haya, miwili itatupa zaidi. Tukakubaliana ajaribu kwenye miraba kwanza. Yenye mfuko mmoja wa urea ilitoa wastani wa kilo 35 tena, mvua ilikuwa nzuri. Yenye miwili ilitoa 38 na nusu. Kwa ekari ni kilo 140 zaidi, gunia 1.4. Mara 49,000 ni 68,600. Mfuko wenyewe ulikuwa 65,000, na usafiri na kibarua 8,000, jumla 73,000. Hasara ndogo, 4,400, lakini ni hasara, na mavuno yalikuwa makubwa kuliko tulivyowahi kupata. Mmea una tumbo. Mfuko wa kwanza unamkuta na njaa, wa pili unamkuta ameshakula. Kwa hiyo mtu akikuambia shamba la jirani limetoa gunia 20 kwa ekari, uliza jirani ametia mifuko mingapi, na ule wa mwisho ulileta nini.

Tuliyoyasema yana mipaka. Bei zetu za mifuko ni za ruzuku; asiyejiandikisha akanunua kwa bei ya kawaida, 1.96 yake itashuka. Bei ya gunia inabadilika kila mwaka. Kinachodumu zaidi ni zile kilo: gunia ngapi udongo wako unaongeza kwa mifuko miwili. Ukishazijua, kila mwezi wa kumi unabadilisha bei tu. Kwetu tumeandika ukutani: ekari ikigharimu 180,000 na gunia likibaki 49,000, mbolea lazima iongeze karibu gunia 3.7 kulipa gharama tu, gunia tatu na debe nne. Chini ya hapo hela ikae benki.

Wenzetu mlioko Uingereza, mji wa Harpenden hauko mbali na London. Pale kuna shamba la ngano linaitwa Broadbalk ambalo lilianza kupimwa mwaka 1843, na kuna ukanda wake ambao tangu wakati huo haujawahi kuwekwa mbolea, wala samadi, mpaka leo. Tulimsimulia kaka. Akauliza kama mama wa kule naye huwa anapita karibu.

Mwezi wa kumi uliopita tulituma 180,000 ya bondeni, mfuko mmoja na mfuko mmoja kama kawaida. Mteremkoni tulituma 120,000 ya chokaa na kusomba samadi ya jirani, bila mbolea ya dukani isipokuwa kwenye miraba mitatu. Karibu na hiyo kuna mitatu iliyopata chokaa, samadi na DAP pamoja, na mitatu ambayo haikupata chochote. Vigingi viko ardhini, na mama ameahidi kupita njia nyingine kwenda kisimani. Kilo tutaziandika hapa mwezi wa saba, zikiwa nzuri au mbaya.